Maua ya jakaranda yanapotea angani nikitumia Screen

Swali: "Wadau, nina picha ya maharusi chini ya mjakaranda, Kilimani. Nimeongeza maua yanayoanguka kwa brashi, leya nikaiweka Screen. Juu ya suti yanaonekana, juu ya anga hayaonekani kabisa. Hata yale yanayoonekana ni kama yamebandikwa. Nirekebishe wapi?"

Jibu: Ndugu, anza na Screen yenyewe. Modi hiyo ya kuchanganya leya katika Photoshop huongeza mwanga tu, haiwezi kutia giza popote. Hesabu yake kwa kila rangi ni hii:

```
tokeo = 255 - (255 - chini) x (255 - juu) / 255
```

Chukua ua la zambarau lenye RGB 140, 110, 190. Likikaa juu ya anga ya 215, 225, 240, tokeo ni 237, 238, 251, yaani karibu jeupe. Likikaa juu ya majani meusimeusi ya 40, 60, 30, unapata 158, 144, 198, zambarau iliyopauka lakini bado inaonekana. Kwa hiyo brashi yako haina kosa. Ua la jakaranda lina giza kuliko anga, na Screen haiwezi kulionyesha na giza lake juu ya anga ambayo tayari ina mwanga mwingi. Rudisha leya za maua kwenye Normal. Screen ibakize kwa theluji, au konfeti nyeupe iliyopigwa mbele ya kitambaa cheusi, maana hapo weusi hutoweka wenyewe. (Ukiona picha nzima imepauka baada ya kuweka theluji ya namna hiyo, weusi wake si mweusi kamili, fungua Levels kwenye leya hiyo na usogeze kitufe cha weusi hadi 15 au 20.)

Sasa hilo la kubandikwa. Kwanza ni ukubwa. Mjakaranda hudondosha ua zima lenye umbo la tarumbeta, la sentimita 4 au 5 hivi. Kichwa cha mtu mzima kina kama sentimita 22 kutoka kidevuni hadi utosini. Basi ua lililo umbali mmoja na maharusi liwe sehemu moja ya tano ya kichwa: kichwa kikiwa pikseli 500, ua liwe pikseli 100. Watu wengi huyafanya makubwa mno, na jicho hugundua hata kama mtazamaji hawezi kusema kasoro iko wapi.

Pili ni kina. Tengeneza leya tatu. Ya mbali ikae nyuma ya maharusi: tumia Select Subject, geuza uteuzi, uufanye maski ya leya. Maua hapa yawe ya pikseli 30 hadi 50, mengi kidogo, na Gaussian Blur uilinganishe na majani ya nyuma. Kama ulipiga f/1.8 na majani yameyeyuka, ua kali pale nyuma litajitangaza lenyewe. Ya kati iwe na maua machache, makali kama nyuso. Ya mbele iwe na maua 3 hadi 5 tu, ya pikseli 300 hadi 400, Blur ya 20 hivi, na yakae pembezoni mwa fremu. Hiyo ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi, na ndiyo watu huiruka.

Brashi inatosha kwa leya ya mbali peke yake. Define Brush Preset huhifadhi weusi na weupe tu, rangi hapana, hivyo kila ua hutoka na rangi moja bapa. Weka Spacing 200%, Scattering 600% kwa Both Axes, Angle Jitter 100% na Roundness Jitter 50%, ili mengine yaonekane kwa ubavu. Kwenye Color Dynamics washa Apply Per Tip, Hue Jitter 3%, Brightness Jitter 15%. Ukizidisha Hue utapata maua ya waridi na ya buluu.

Kwa leya ya kati na ya mbele, okota maua yaliyoanguka, yapige juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande uleule wa jua lililo kwenye picha yako. Pembe tano au sita zinatosha: mdomo wa ua, ubavu, kitako. Yakate, kisha uyapange moja moja kwa mkono. Angalia yasikae kwa umbali sawa, na lisiwepo linalogusa jicho au mdomo wa bibi harusi.

Mwisho tazama nyasi. Maua yakianguka hewani na chini pasiwe na hata moja, picha haiaminiki. Tawanya machache miguuni, uyabane kwa Free Transform yalale kufuata ardhi, na chini ya kila moja weka kivuli chembamba kwenye leya ya Multiply, Opacity 40%.