"Nimekuja Kukuchukua": Jinsi Mtoto Anavyojifunza Kutenganisha Utani na Tishio

Katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya, mtoto husikia maneno ya kutisha kutoka kwa watu wanaompenda hata kabla hajajua kuvaa viatu mwenyewe. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake na kumwambia kwamba amekuja kumchukua. Shangazi huapa kwamba leo atayala hayo mashavu. Jirani hutangaza kwamba anaondoka na kitinda mimba kwa kuwa mama yake ana watoto wengine. Sisi watu wazima hatuhitaji hata kufikiri ili tujue kwamba huo ni utani. Mtoto anahitaji kufikiri, na uwezo anaoutegemea, yaani kujua mwenzake anataka nini na anaamini nini, hukua kwa miaka kadhaa. Ninafundisha chekechea hapa Kisumu, na nina watoto watatu. Ushauri wangu ni kwamba mtoto ataniwe kwa kadiri ya umri wake, na kwamba apewe njia ya kulitambua tishio la kweli ambayo haimlazimishi kubahatisha yaliyomo moyoni mwa mtu.

Baba yangu alipokuja mjini kutoka Malava kwa ajili ya kliniki ya macho, alipita kwangu kula chakula cha mchana kabla ya kurudi. Alimtazama binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu na nusu, akamwambia bila kutabasamu, "Mke wangu, nimekuja kukuchukua. Matatu inaondoka saa tisa. Viatu vyako viko wapi?" Kaka yake mwenye miaka saba aliangua kicheko na kumwambia babu, "Kuka, usisahau na begi lake!" Binti yangu hakucheka. Alimtazama babu yake, akamtazama mama yake, akarudi kumtazama babu, kisha akatoka sebuleni polepole. Tulimkuta chumbani akisukuma viatu vyake chini ya kitanda hadi ukutani.

Watoto hao wawili walisikia sentensi moja, lakini kila mmoja aliisikia kwa akili ya umri wake. Kuhusu mtoto wa tatu, ambaye alikuwa na miezi kumi, maneno hayakumgusa kamwe. Yeye alitaniwa kwa ndizi. Babu alimnyoshea kipande, na mtoto alipofungua mkono akakirudisha nyuma. Safari ya kwanza mtoto aliduwaa, ya pili akapiga meza na kugeuza uso. Mwaka 2005 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio lililofanana sana na ndizi hiyo: mtu mzima alimpa mtoto vitu vya kuchezea, lakini mara nyingine alikivuta kitu nyuma kwa makusudi, na mara nyingine kilimponyoka kwa bahati mbaya alipokuwa akijaribu kukitoa. Watoto wa miezi sita hawakuonyesha tofauti, ilhali wale wa miezi tisa na kuendelea walikosa subira zaidi pale mtu alipokuwa hataki kutoa kuliko pale aliposhindwa. Maana yake ni kwamba kufikia miezi tisa mtoto ameanza kuona nia ndani ya kitendo. Hata hivyo anachokiona ni kwamba huyu hataki kunipa. Hajaona kwamba huyu anacheza nami. Hilo la pili hulipata usoni na katika sauti, na ndiyo sababu ndizi ikirudishwa kwa uso uliokunjuka na ikatolewa mara ya pili au ya tatu, mtoto hucheka, na ikirudishwa mara nyingi kwa uso mkavu, hulia. Umri huohuo yeye mwenyewe huanza kukunyoshea kijiko na kukirudisha huku amekukazia macho aone utafanyaje.

Sasa nirudi kwa aliyeficha viatu, kwa kuwa umri wa miaka miwili hadi minne ndio unaohitaji uangalifu mkubwa. Ili kuyatambua maneno ya babu kuwa utani, alihitaji kujua mambo mawili kwa pamoja: kwamba babu mwenyewe haamini anachokisema, na kwamba hataki mjukuu wake aamini. Mwongo pia haamini anachokisema, lakini anataka uamini. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto habari za mvulana aliyeweka chokoleti kabatini akatoka, na mama yake akaihamishia kabati jingine. Walipoulizwa mvulana akirudi ataitafuta wapi, watoto wa miaka mitatu kwa kawaida walitaja mahali ilipo sasa, na walikuwa ni watoto waliotimiza miaka minne au zaidi walioanza kusema kwamba ataitafuta pale alipoiacha. Mtoto ambaye bado ni vigumu kwake kushika kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli atashikaje kwamba mtu anasema asichokiamini, tena kwa upendo? Kutenganisha uongo na mzaha kunakuja baadaye zaidi, kwenye miaka sita au saba, pale anapoweza kufuata fikra juu ya fikra: babu anajua kwamba mimi najua. Ndiyo maana mvulana wangu aliweza hata kuongezea begi.

Mtu anaweza kuuliza inakuwaje basi mtoto huyohuyo wa miaka mitatu afurahi babu anapotambaa sakafuni akinguruma kama simba. Tofauti ni kwamba simba huyo ana alama zinazoonekana. Sauti imepandishwa kupita kiasi, mwendo umechelewa, simba anasimama kila hatua mbili ili akimbiwe, na baadaye anageuka yeye ndiye anayekimbizwa. Mtoto hahitaji kuijua imani ya babu. Mchezo wote uko mbele ya macho yake. Maneno yanayosemwa kwa uso mkavu hayana alama hata moja, na sisi watu wa huku tunausifu utani wa namna hiyo kwa sababu msemaji hakucheka. Kwa mwenye miaka minane ni burudani. Kwa mwenye miaka mitatu ni taarifa ya safari.

Sishauri mtu amwambie mzee aache kumtania mjukuu. Utani kati ya babu na mjukuu una heshima yake, na mtoto hufaidi kuwa na mtu mzima ambaye wanaruhusiwa kurushiana maneno kwa namna asiyoweza na baba yake. Kinachotakiwa ni kumpa mtoto nafasi ndani ya utani huo. Siku ile mke wangu, ambaye kwa adabu ya ukwe asingeweza kumjibu baba yangu kwa mzaha, alikwenda chumbani, akapiga magoti karibu na mtoto, akatabasamu ili aonekane anatabasamu, akamnong'oneza. Mtoto alirudi akiwa ameshika mkono wa mama yake, akasema kwa sauti ndogo, "Kuka, leta ng'ombe kwanza." Mzee alicheka hadi akavua miwani, akaomba apunguziwe idadi, na wakaanza kupatana. Angalia kilichotokea. Uso wa mama ulimpa alama iliyokosekana, jibu likampa zamu ya kusema, na kicheko cha babu kikamwonyesha kwamba maneno yake mwenyewe yanaweza kuubadilisha mwendo wa jambo. Baada ya chakula nilimweleza waziwazi, "Kuka anarudi Malava peke yake. Wewe unalala hapa leo." Mtoto wa umri huo aambiwe hivyo kila mara, hata akionekana ameelewa. Alikwenda mwenyewe kuvitoa viatu.

Kuna maneno yanayofanana na utani lakini si utani, nayo ni yale tunayoyatumia kuwatiisha watoto. "Usipotembea nitakuacha hapa sokoni." "Nyamaza, daktari atakudunga sindano." Maneno haya yana sharti ndani yake, na msemaji anataka mtoto ayaamini. Kwa hiyo ni tishio, ingawa halitatekelezwa. Mtoto anayeyasikia kila siku hujifunza mambo yanayopingana: kwamba uso mkali na sauti kali havimaanishi kitu, na kwamba wale anaowategemea huweza kumwacha. Nyumba ikiwa na utani na vitisho vya uongo kwa pamoja, alama anazojaribu kuzisoma zinachanganyika, na hapo ndipo ninapowaona darasani watoto wa aina mbili: anayecheka hata anapoumizwa, na anayerusha ngumi kwa sababu mwenzake amemgusa bega kwenye foleni ya uji.

Kicheko chenyewe kisikudanganye. Mtoto aliyeshikwa na hofu anaweza kucheka, hasa akitekenywa, kwa sababu mwili unacheka bila ridhaa yake. Njia ninayoitumia ni kusimama. Ondoa mikono, nyamaza, umpe nafasi ya kupumua, kisha umtazame. Akirudi kwako, akikunyoshea tumbo au akikuita simba, mchezo ungali wake. Akikaza mabega, akitazama mlango au akienda kwa mama yake, umekwisha, na usiufufue kwa kumwambia kwamba yeye ni mwoga. Mtu akiendelea kutaniwa baada ya kusema basi, anayemtania amevuka mpaka, hata kama ni mjomba.

Hapo ndipo penye kipimo ninachowafundisha watoto wa miaka mitano na sita, kwa sababu hakiwalazimishi kuijua nia ya mtu. Utani hukoma ukisema basi. Utani hautaki kitu kutoka kwako. Utani hauogopi mama akisikia. Mtu akisema jambo la kutisha kisha akaongeza "usimwambie mama," mtoto amwambie mama siku hiyohiyo, awe ni mgeni aliyeyasema au ndugu wa karibu. Kipimo hiki nacho kina upungufu: mtoto wa miaka mitatu hawezi kukikumbuka akiwa na hofu, kwa hiyo kwake mlinzi ni mtu mzima aliye karibu, na wapo watoto wakubwa wanaotisha mbele ya watu wakicheka, ili kila anayesikia adhani ni mzaha.

Mtoto anapokuja kusema, swali la kwanza lisiwe "Hakuwa anakutania tu?" Swali hilo lina jibu ndani yake, naye atalikubali ili akupendeze. Mvulana wangu alikuja siku moja akasema kwamba kijana wa darasa la juu amesema atamvunja mkono, halafu akaongeza mwenyewe kwamba pengine ni mchezo, kwa sababu wenzake walicheka. Nilimuuliza alisema nini hasa, wapi, kama aliwahi kusema hivyo tena, na kama alitaka kitu. Akafikiri, akasema alitaka shilingi ishirini za mandazi, na kwamba alizitaka jana pia. Nilimweleza kwamba kicheko cha wale wengine hakibadilishi kitu, kwa kuwa kulikuwa na pesa ndani ya maneno yale, na asubuhi iliyofuata tulikwenda pamoja kwa mwalimu wake wa darasa, akayasimulia yote yeye mwenyewe.