Duka dogo la vifaa vya ujenzi na jirani anayeuza saruji chini ya bei yako ya kununulia

*"Wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Usa River. Mwezi wa tatu sasa kuna mwenzetu mkubwa kafungua jirani, anauza saruji chini ya bei ninayonunulia mimi. Nimeshusha mara 3 na bado wateja wanaenda kwake. Nifunge, au niendelee kushusha?"*

Mkuu, usishushe tena. Mimi niko Chanika, Dar, na jambo hili lilinikuta vilevile. Mfuko wa saruji ulikuwa unanifikia dukani kwa 14,400, nauli na kushusha vikiwemo. Jirani yangu alikuwa anauza 14,300, maana yeye anapakiliwa trela zima kutoka kiwandani. Nikashusha hadi 14,400 na kukaa hapo miezi miwili, nikibeba mifuko siku nzima bila faida hata ya shilingi. Bei yake ya kuuzia ikishakuwa chini ya bei yako ya kununulia, mtaji wako ndio unaoliwa, na wa kwake ni mrefu kuliko wako.

Kilichonitoa ni daftari. Kwa wiki tatu niliandika faida ya kila bidhaa badala ya mauzo. Nikaona saruji inaleta zaidi ya nusu ya fedha yote, ila faida inatoka kwenye waya wa kufungia nondo, misumari ya kupima kilo na viungio vya mabomba. Wanunuzi wa vitu hivyo ni mafundi, na hao walikuwa bado wanakuja kwangu.

Fundi mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akilalamika kwamba saidia wake amemaliza siku nzima akipinda ringi za nguzo kwa misumari iliyogongwa kwenye ubao, na nusu yake zimetoka za upande upande. Nikamuuliza angelipa kiasi gani azikute tayari. Akasema 1,200 kwa moja.

Nikakaa na karatasi. Nguzo ya sentimita 23, ukiacha 2.5 kila upande ili zege lifunike chuma, inataka ringi ya 18 kwa 18. Mzunguko ni 72, ongeza 16 za ndoano mbili, jumla 88. Nondo ya mm 8 yenye mita 12 inatoa ringi 13 na kipande cha sentimita 56. Nilikuwa nanunua nondo hiyo 11,500 na kuiuza 12,000, yaani faida ni 500. Ringi 13 ni 15,600. Toa nondo, toa 100 ya kijana kwa kila ringi, inabaki 2,800. Nondo ni ileile.

Nikatengeneza meza ya mbao nzito yenye pini za chuma, nikanunua grainda, nikamchukua kijana aliyewahi kufanya kazi ya nondo. Saruji nikarudisha 15,000 na kubakiza mifuko 30 tu, kwa anayepungukiwa katikati ya kumwaga zege. Huyo habishani bei, anataka mfuko ufike sasa hivi. Nikaondoa na ubao wa bei pale nje.

Miezi miwili ya mwanzo iliniumiza sana. Kutoka mifuko 60 kwa siku nikashuka hadi 12, na majirani wakaanza kuniuliza kama nafunga. Kisha nikapata hasara ya uzembe wangu mwenyewe: fundi aliagiza ringi 140 "za nguzo ya 23", kijana akazikata za 23 kamili. Zikagusa mbao za fremu pande zote, zege lisingepata pa kupita. Kuzinyoosha na kuzipinda upya hakufai, chuma kinadhoofika kwenye kona. Nondo 13 zikaenda. Tangu siku hiyo kila oda inachorwa kwenye karatasi, kipimo kinaandikwa nje kwa nje, fundi anasaini, na nusu ya fedha inalipwa kabla ya kukata. Ringi za kipimo cha mtu mmoja ukiachiwa, hakuna mwingine wa kuzinunua.

Leo wateja wengi wa jirani wananunua saruji kwake na ringi kwangu, na fundi akija kuzichukua anabeba na waya na misumari.

Ila mkuu, Chanika nyumba nyingi zilikuwa bado kwenye msingi. Kabla hujanunua meza, zunguka Usa River asubuhi mbili na uhesabu: misingi na kuta mpya ni ngapi, na zilizokwisha kuezekwa ni ngapi. Zilizoezekwa zikiwa nyingi, ringi hazitakutoa. Hapo uangalie kazi za kumalizia, mfano kukata na kuchonga mabomba kwa kipimo cha fundi. Niandikie hesabu hiyo hapa, pamoja na vitu vitano vinavyokuachia faida kubwa zaidi kwenye daftari lako, tuone pa kuanzia.