Mapafu “yamekua” au “yamekomaa”?

*Swali: Naandaa kijarida cha Kiswahili kwa ajili ya wajawazito. Niliandika “kufikia wiki ya 28 masikio, mapafu na mafuta ya mtoto yamekua”. Mwenzangu anasema niandike “yamekomaa”. Nani yuko sahihi? Na je, naweza kusema mtoto “anapumua” akiwa tumboni?*

Kila neno lina mahali pake, ila sentensi yako imefunga viungo vitatu kwa kitenzi kimoja, na hapo ndipo ilipokwama. Kukua ni kuongezeka ukubwa. Kukomaa ni kufikia uwezo wa kufanya kazi iliyokusudiwa. Litazame dafu: laweza kulingana na nazi kwa ukubwa, lakini ukilivunja ukitafuta nyama ngumu ya kukuna, huipati. Limekua, halijakomaa.

Mapafu ndiyo yanayohitaji neno kukomaa kuliko kiungo kingine chochote. Kuanzia wiki ya 24 hivi, chembe za ndani ya vifuko vya hewa huanza kutengeneza safaktanti, yaani utelezi unaozuia kuta za vifuko hivyo zisigandamane. Fikiria mfuko wa nailoni uliolowa ndani: kuta zake zikishikana, kuzitenganisha ni kazi. Mtoto asiye na safaktanti ya kutosha hufanya kazi hiyo kila anapovuta pumzi, na kwa wengi safaktanti haitoshi mpaka karibu na wiki ya 34 au 35. Kwa hiyo, wiki ya 28 andika “yanaanza kukomaa”. “Yamekomaa” ya mwenzako imewahi mno.

Wakunga wenyewe wamekwisha kuamua suala hili kwa ulimi wao. Mama akiwa hatarini kujifungua kabla ya wiki ya 34, huweza kupewa deksamethasoni, kwa kawaida miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara 4. Huiita “sindano ya kukomaza mapafu”. Hutasikia “ya kukuza”, kwa sababu lengo la dawa ni kuyaharakisha yawe tayari kwa hewa, wala si kuyaongeza ukubwa.

Tofauti hii huonekana wazi kwa mtoto wa mama mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Tuseme amezaliwa wiki ya 35 akiwa na kilo 3.6, mashavu yamejaa. Ukiandika “amekua vizuri”, msomaji atadhani hana shida. Kumbe sukari nyingi ya mama imemfanya mtoto atoe insulini nyingi, na insulini hiyo humwongezea mafuta huku ikichelewesha safaktanti. Saa chache za mwanzo anaweza kuhema haraka, pua zikatanuka, kifua kikabonyea chini ya mbavu, akawa anaguna kila anapotoa pumzi. Mguno huo ni jitihada ya kuzuia vifuko visifunge, na anahitaji msaada wa kupumua mara moja. Mwili umekua, mapafu hayajakomaa.

Kwa sababu hiyohiyo nakushauri uwe mwangalifu na neno “njiti”, linalotumika sana Tanzania kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Taswira yake ni wembamba. Mtoto wa wiki 39 aliyezaliwa na kilo 2 ni mwembamba, lakini si wa kabla ya wakati. Huyo ni “mdogo kuliko umri wake wa mimba”.

Kuhusu mafuta, usiseme yamekua wala yamekomaa. Mafuta “hujengeka” au “hujikusanya”. Huanza mapema katika miezi mitatu ya kati, lakini sehemu kubwa huwekwa baada ya wiki ya 28, ndipo ngozi iliyokunjamana hunyooka. Mafuta ya kahawia, yaliyopo shingoni, kati ya mabega na kuzunguka figo, huzalisha joto, maana mtoto mchanga hawezi kutetemeka vya kutosha kujipasha. Aliyezaliwa kabla ya wakati ana akiba ndogo, ndiyo maana hupoa upesi na hubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Pia epuka “amenona”: hilo mwachie mbuzi.

Sikio lina vitenzi viwili. “Huumbika”: sehemu yake ya ndani huwa na umbo lake karibu na wiki ya 20. Kisha “huanza kusikia”, wiki ya 24 au 25 hivi, na kufikia ya 28 wengi hushtuka kwa sauti kubwa. Sauti nzito hupenya zaidi kuliko nyembamba.

“Anapumua” usiliandike peke yake. Kifua chake huchezacheza, lakini kinachoingia na kutoka ni majimaji. Oksijeni huipata kwenye kondo kupitia kitovu. Andika “anafanya mazoezi ya kupumua”. Sentensi yako basi iwe hivi: “Kufikia wiki ya 28 mtoto anasikia, mapafu yake yanaanza kukomaa, na mafuta yanaendelea kujengeka chini ya ngozi.”