Kwapa linalowasha: maswali manne ya wasomaji

"Dada, dukani Wandegeya deodoranti na antipaspiranti zote wananiuzia kama deodoranti. Kuna tofauti?" (Kampala)

Ipo. Jasho likitoka karibu halina harufu. Bakteria wa kwapani wakishalivunja ndipo linanuka. Deodoranti hupunguza bakteria hao au hufunika harufu kwa manukato, lakini jasho linaendelea kutoka. Antipaspiranti ina chumvi za alumini, ambazo zikikutana na jasho huganda kama ute na kuziba tundu lake kwa muda. Geuza kopo usome viambato: neno linaloanza na "Alumin" ndilo litakalokuambia, si maandishi makubwa ya mbele.

"Nilinyoa, nikaoga, nikapaka antipaspiranti kali hapohapo niwahi kazini. Kwapa liliwaka moto. Niache alumini kabisa?" (Bombo)

Usiiache bado. Nyingi ya zile kali zina alumini kloridi, nayo ikigusa maji hutengeneza asidi ya haidrokloriki kidogo. Wewe uliipaka kwenye ngozi yenye maji na mikwaruzo ya wembe, kwa hiyo lazima ingeunguza. Pumzisha kwapa mpaka lipone kabisa. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona wekundu. Tazama magamba, ukavu au weusi unaozidi.

Kisha anza upya usiku, wakati jasho ni dogo na dawa inapata nafasi ya kuziba tundu. Kausha kwapa vizuri, subiri lipoe, paka tabaka jembamba, asubuhi osha. Siku ya kunyoa ruka, na usipake mpaka kesho yake usiku. Jasho likishapungua, mara moja au mbili kwa wiki hutosha. Likiendelea kuchoma hata hivyo, badilisha uchukue yenye alumini klorohidrati isiyo na manukato. Hiyo ni laini zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

"Nilihamia isiyo na alumini na bado nawashwa. Mbona?" (Jinja)

Manukato ndiyo yanayosababisha mzio wa kwapa mara nyingi, na bidhaa nyingi "za asili" zimejaa mafuta yenye harufu. Nyingine zina magadi soda: pH yake, yaani kipimo cha uasidi, hupita 8, na ngozi hupenda karibu na 5. Angalia pia upele ulipo. Ukiwa katikati ya kwapa, shuku unachopaka. Ukiwa pembeni kwenye mikunjo na katikati pamesalimika, shuku nguo, hasa rangi yake.

Kabla ya kutumia bidhaa mpya, paka eneo dogo upande wa ndani wa kiwiko mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Usikate tamaa mapema wala usifupishe siku, maana mzio hukawia kujitokeza. Ukiwashwa, acha.

"Mama anatumia jiwe la shabu, anasema halina alumini." (Arua)

Shabu ni chumvi ya alumini na potasiamu. Haizibi matundu kama antipaspiranti, bali hupunguza bakteria. Mama aendelee nayo kama haimchomi, ila asiipake kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa.