Kuchapa kwa viazi na bamia darasani: anza kupanga kutoka mwisho

Kipindi cha chekechea ni dakika 30. Walimu wapya wengi hupanga somo la sanaa kwa kuanza na kazi yenyewe, wakaacha usafi ujipenyeze utakapopata nafasi. Matokeo yake kengele inalia, mikono bado ni myekundu, na mwalimu wa kipindi kinachofuata amesimama mlangoni. Wewe anza na usafi: ukiwa na watoto 36, utakula dakika 9. Zitoe kwanza. Halafu toa 4 za kuonyesha, 3 za kugawa vifaa na 3 za kutazama kazi mwishoni. Kinachobaki ni dakika 11 za kuchapa, na kwa mtoto wa miaka 5 hizo zinatosha, mradi karatasi isiwe kubwa.

Ukubwa wa karatasi ndio unaoharibu masomo mengi ya kuchapa. Mpe mtoto karatasi nzima ya A4 naye atagonga kila mahali, atarudia juu ya alama za mwanzo, na mwishowe utapokea doa moja la rangi ya matope. Ikate kwa urefu, itoke mikanda miwili. Mkanda mwembamba wenyewe unamwelekeza mtoto aende kwa mstari, na mstari ndio unaozaa ruwaza: kiazi, bamia, kiazi, bamia. Karatasi 18 zinatoa mikanda 36. Ongeza 3 za akiba. Majina yaandike wewe, nyuma, kwa penseli, kabla watoto hawajaingia.

Mihuri itatoka kwa mama mboga na kwa muuza mahindi choma. Kwa meza 6 za watoto 6, kila meza ina sponji mbili za rangi, na kila sponji ina mihuri mitatu: nusu ya kiazi, nusu ya bamia na kipande cha gunzi. Jumla ni viazi 6, bamia 6 na vipande 12 vya gunzi. Muhuri ni wa sponji, si wa mtoto. Mtoto akitaka rangi nyingine, anauacha muhuri alioshika na kuchukua ule wa upande wa pili. Sheria hii moja ndiyo inayozuia nyekundu na buluu kuwa zambarau chafu katika dakika ya tano.

Kuna shule ambazo baadhi ya watoto hufika bila kunywa chai. Hapo chakula kizuri kisichezewe mezani. Omba bamia zilizokomaa hadi zikawa ngumu, ambazo hazinunuliwi tena, na badala ya viazi tumia vifuniko vya chupa. Bamia iliyokomaa, kwa kweli, huchapa vizuri kuliko changa.

Kiazi kikate asubuhi ya siku hiyo kwa kisu kipana, kwa mkato mmoja usiorudiwa. Ukikikata kwa kukereza huku na huku, uso unabaki na mawimbi na alama hutoka na mistari mitupu. Kikikatwa jana yake, uso hukauka na kubonyea katikati, na alama inakuwa pete. Upande wa nyuma punguza mabega mawili ubaki mpini wa kushika kwa vidole, kwa sababu kiazi cha duara huteleza mkononi mwa mtoto. Kisha funika kwa kitambaa chenye unyevu, na kabla ya somo pangusa uso hadi ukauke. Maji ya kiazi yakichanganyika na rangi, alama za kwanza zinatoka hafifu na zenye madoa.

Bamia ina shida yake: ute. Ikate katikati kwa upana na uilaze kifudifudi juu ya gazeti kwa nusu saa. Ute ukishanyonywa, ua lenye pembe tano linatoka safi. Gunzi nalo lioshe, lianike siku mbili, kisha ulikate mwenyewe vipande vya urefu wa kidole gumba.

Sasa rangi. Usiimimine kwenye sahani. Mtoto atauzamisha muhuri, na rangi iliyozidi itasukumwa nje ya kingo. Kata sponji ya godoro kuukuu vipande vya sentimita 8 kwa 8, unene sentimita 1, uviweke juu ya vifuniko vya mikebe ya plastiki. Koroga rangi ya unga na maji hadi iwe nzito kama maziwa lala, ongeza kijiko cha sabuni ya maji katika kila kikombe ili itoke mikononi na kwenye sweta bila vita, kisha tia vijiko viwili vya mezani katika kila sponji na ukandamize mpaka izame. Sponji 12 zitakula vijiko 24. Jaribu mwenyewe. Ukisikia muhuri unanyonya na kutoa mlio unapouinua, rangi imezidi. Futa juu kwa gazeti. Katikati pakitoka patupu ingawa kiazi kiko sawa, meza ni ngumu mno: weka gazeti lililokunjwa mara nne chini ya kila mkanda, karatasi ipate kubonyea kidogo na uso wote wa muhuri uguse.

Onyesha watoto wakiwa mkekani, mbali na meza. Mwendo ni mmoja: bonyeza, hesabu moja mbili, inua. Wafanye bila rangi, kwa ngumi juu ya goti. Anayesugua badala ya kubonyeza utamwona hapo hapo, na ni rahisi kumrekebisha sasa kuliko akishakuwa na rangi. Ugawaji ufuate mpangilio huu: shati kuukuu la mtu mzima likivaliwa nyuma mbele, gazeti, mkanda, mihuri, na sponji za rangi mwisho kabisa. Rangi ikifika mezani, hakuna maelezo yatakayosikika.

Dakika ya 18 toa ishara, wimbo uleule kila wiki. Kwanza wewe uondoe sponji zote 12, la sivyo kuna atakayegonga "moja tu ya mwisho" hadi jioni. Kila mtoto anapeleka mkanda wake kwenye kamba iliyofungwa kimo cha kifua chake, yenye vibanio 36. Alama hizi ni nyembamba, hazidondoki. Akirudi ana kazi yake mezani: mmoja anakusanya mihuri kwenye bakuli, wawili wanakunja magazeti, upande wenye rangi ukiwa ndani, wawili wanafuta meza, mmoja anahakikisha hakuna kilichoanguka chini.

Mikono hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kwanza, ndipo beseni. Bila kitambaa, maji ya beseni huwa wino baada ya watoto wachache, na si kila siku mfereji una maji. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha: beseni la sabuni na beseni la kusuuza, lita 5 kila moja, yabadilishwe mara moja tu. Ita meza mbili kwa zamu. Zinazosubiri zinatafuta mikanda yao kwenye kamba.

Watoto wakitoka, kamua sponji katika ndoo na uzianike ukutani zikiwa zimesimama. Zikirudi kabatini mbichi, kesho kutwa zitanuka na utalazimika kuzitupa.