Maswali na majibu: Ureno ilipohamia saa za Brussels

Kuna nchi yoyote iliyowahi kubadili saa ya taifa zima kwa ajili ya biashara tu? Mume wangu anasema ni porojo. (Mama Zuhura, Tanga)

Mwambie shemeji si porojo. Ureno ilifanya hivyo mwaka 1992, na wala haikuwa mara yake ya kwanza: ilishakaa kwenye saa za Ulaya ya Kati, ndizo hizo za Brussels, kuanzia 1966 hadi 1976, ikaziacha. Safari hii serikali ya Waziri Mkuu Aníbal Cavaco Silva iliona ina sababu nzito zaidi. Nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, soko la pamoja lilikuwa linaanza Januari 1993, na wateja wake wakubwa, yaani Wahispania, Wajerumani na Wafaransa, wote walikuwa saa moja mbele yake.

Kilichonifurahisha ni jinsi walivyohama. Wareno, kama Wazungu wengine, husogeza saa mbele kila machipuko na kuirudisha nyuma kiangazi kikishapita. Tarehe 27 Septemba 1992, siku ya kurudisha, wenyewe hawakurudisha. Basi. Hakuna aliyegusa saa ya ukutani, na asubuhi yake nchi nzima ilikuwa kwenye majira mengine. Machipuko ya 1993 yalipofika wakasogeza tena mbele pamoja na Ulaya yote, na hapo wakawa saa mbili mbele ya Greenwich.

Sasa jua. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4. Lisbon iko nyuzi 9 hivi magharibi ya Greenwich, na saa za Ulaya ya Kati zimepimwa kwa nyuzi 15 mashariki. Tofauti ni nyuzi 24, yaani dakika 96. Kwa hiyo wakati wa baridi saa ya Lisbon ilitangulia jua kwa zaidi ya saa moja na nusu, na wakati wa kiangazi kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Mwanzoni mwa Januari jua la Lisbon huchomoza saa 1:55 asubuhi kwa saa yao ya kawaida. Chini ya saa mpya lilichomoza saa 2:55. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tungepata taabu kuieleza siku ya namna hiyo: jua linatoka saa tatu kasoro dakika tano!

Mimi sioni shida. Jua likichelewa saa moja, si unaamka saa moja baadaye? (Baraka, Mbeya)

Ungeweza, Baraka, kama shule na ofisi nazo zingechelewa saa moja. Lakini zikichelewa, hujahama. Umebadili namba tu, na yule mteja wa Brussels anayepiga simu saa 3 asubuhi bado hakukuti. Nchi inayohama ili iende sambamba na wateja wake inalazimika kushikilia ratiba ileile kwa saa mpya. Hapo ndipo asubuhi inapoumia.

Chukua mtoto wa Lisbon ambaye kengele ya shule yake inalia saa 2:30, Januari 1993. Anaamshwa saa 1 gizani. Anatoka nyumbani saa 1:45, bado giza. Mapambazuko, ile nuru ya kutosha kumtofautisha mtu na mti, yanaanza kama nusu saa kabla ya jua, yaani karibu saa 2:25. Kwa hiyo anavuka barabara zote gizani, anaingia darasani kunapambazuka, na jua lenyewe analikuta keshakaa kwenye dawati. Mwalimu kawasha taa. Ofisini ni vilevile, taa zinawaka asubuhi ili kuokoa taa za jioni.

Kisha kuna mwili. Saa ya ndani ya mwili hurekebishwa na mwanga, hasa ule wa asubuhi. Ukiukosa, usingizi wa usiku unaofuata unachelewa kuja, lakini kengele ya saa haichelewi. Sisi wa huku tungedhani baridi ndiyo mbaya peke yake, kumbe kiangazi kilikuwa na balaa lake. Mwezi Juni jua lilizama Lisbon baada ya saa 4 usiku. Mlaze mtoto wa miaka saba wakati dirisha linang'aa na wenzake wanacheza mpira nje! Wazazi na walimu walilalamika misimu yote miwili: wakati wa baridi kwa sababu ya giza la asubuhi, wakati wa kiangazi kwa sababu ya watoto wanaosinzia darasani.

Serikali ya António Guterres, huyu aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, iliingia madarakani Oktoba 1995. Tarehe 31 Machi 1996 majirani walisogeza saa zao mbele, Ureno ikakaa kimya. Kwa mara nyingine hakuna aliyegusa saa ya ukutani, na nchi ikawa imerudi ilikotoka.

Lakini Wahispania wako kwenye saa hizohizo za Ulaya ya Kati mpaka leo, na wako palepale karibu na Ureno. Mbona wao hawakurudi? (Mwanafunzi wa jiografia, Dodoma)

Swali zuri kuliko mengi niliyoyapata mwezi huu. Uhispania ilihamia saa hizo Machi 1940, chini ya dikteta Franco, na haikurudi. Mji wa Vigo, kwenye pembe ya kaskazini magharibi, uko karibu longitudo ileile ya Lisbon. Mwanzoni mwa Januari jua lake linachomoza baada ya saa 3 asubuhi, hadi leo.

Siri yao iko mezani. Nenda kwenye mto Minho unaozigawa nchi hizi mbili. Upande wa Ureno watu wanakaa kula chakula cha mchana saa 7. Upande wa Uhispania wanakula saa 8. Ukisikia hivyo utasema Wahispania wanapenda kuchelewa, na vichekesho vingi vimetungwa juu ya hilo. Lakini Ureno iko saa moja nyuma, kwa hiyo saa 7 ya huku ndiyo saa 8 ya kule. Wanakula kwa wakati mmoja, chini ya jua moja. Wahispania walipopewa saa isiyolingana na jua lao, maisha yao yalijisogeza taratibu kwa miaka mingi mpaka yakalikuta jua tena, na ndiyo maana chakula chao cha usiku kinafika saa 3 au saa 4.

Wareno walikuwa na miaka mitatu na nusu tu, na ratiba zao hazikusogea. Hata zingesogea, sioni wangepata nini, maana ofisi ya Madrid inayokwenda kula saa 8 hailingani na ofisi ya Berlin inayokwenda kula saa 6:30, hata kama saa zao za ukutani ni moja.

Mimi ni wakala wa mizigo. Niambie upande wa hela: saa moja tu inaweza kumgharimu nini mfanyabiashara? (Msomaji, Dar es Salaam)

Zaidi ya saa moja, na hapa nawatetea kidogo wale wa 1992. Tuseme ofisi ya Lisbon na ya Brussels zote zinafanya kazi saa 3 hadi saa 7 mchana, kisha saa 8 hadi saa 12 jioni. Jumla saa nane. Brussels ikiwa saa moja mbele, kwa saa ya Lisbon inafanya kazi saa 2 hadi saa 6, kisha saa 7 hadi saa 11. Tafuta sasa muda ambao wote wako mezani: saa 3 hadi saa 6 asubuhi, na saa 8 hadi saa 11 jioni. Ni saa sita. Tofauti ya saa moja imekula saa mbili, kwa sababu chakula cha mchana nacho kinapishana: wewe ukiwa kazini yeye anakula, akirudi unakwenda wewe.

Lakini angalia dawa yake ni rahisi kiasi gani. Idara ya fedha za kigeni ya benki ikifungua saa 2 na kula saa 6, saa zote nane zinarudi. Watu wanaoongea na Brussels kila siku ni wachache, na wanaweza kupangiwa zamu. Ureno ilichagua kuwahamisha pamoja nao mvuvi, muuza mkate na mtoto wa darasa la kwanza, ambao Brussels haikuwa na haja nao. Kwangu mimi kosa lilikuwa hapo.

Samoa, vile visiwa vya Pasifiki, walifuta siku nzima. Asubuhi zao si ndizo zilivurugika kabisa? (Salma, Mombasa)

La, Salma, wao asubuhi zao hazikuguswa. Walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 wakaamka Jumamosi tarehe 31. Waliruka saa 24 kamili, kwa hiyo jua lilichomoza saa ileile iliyozoeleka, ila kalenda ndiyo iliyobadilika. Kabla ya hapo Ijumaa yao ilikuwa Jumamosi kwa wateja wao wa New Zealand, na Jumapili wakiwa kanisani, Sydney ilikuwa kazini. Mwaka 1892 visiwa hivyo vilikuwa vimehama kuelekea upande wa pili, ili vilingane na wafanyabiashara wa Marekani. Mteja alipobadilika, tarehe nayo ikabadilika.

Sisi Kigali tuko saa moja nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar, na mizigo yetu inapita huko. Kwa nini tusihamie saa zenu? (Jean, Kigali)

Kwenu yasingekuwa ya Lisbon. Kigali iko nyuzi 30 mashariki, kwa hiyo saa zenu za sasa zinalingana na jua karibu kabisa: linachomoza kati ya saa 11:40 alfajiri na saa 12:10 asubuhi mwaka mzima. Mkihama, litachomoza kati ya saa 12:40 na saa 1:10, kama linavyokaribia kufanya Kampala, na watu wa Kampala wanaishi. Tofauti na Lisbon ni kwamba ninyi hamna kiangazi cha siku ndefu cha kupumzikia. Ile saa moja ya giza mtaibeba Januari hadi Desemba, na atakayeanza kuibeba ni mtoto anayetembea kwa mguu kwenda shule.

Lakini kuna jambo limeshatokea kwenu. Tangu Januari 2023 ofisi za serikali zinafungua saa 3 asubuhi na shule zinaanza saa 2:30. Saa 3 ya Kigali ni saa 4 ya Nairobi. Mlisogea mbali na majirani, ili familia zipate asubuhi yake. Na hapa pana hesabu tamu: mkihamia saa zetu huku mkishikilia saa 3 hiyohiyo ya kufungua, jua litakalowakuta ofisini ni lile la saa 2 ya zamani.

Sudan Kusini nayo ilikwenda kinyume. Tarehe 1 Februari 2021 iliacha saa tatu mbele ya Greenwich ikarudi mbili, ingawa bidhaa zake nyingi zinaingia kwa malori kupitia Uganda. Juba sasa jua linachomoza karibu saa 12 asubuhi, na dereva anayevuka mpaka wa Nimule akitokea Uganda anarudisha saa yake nyuma.