Leza imeniunguza kidevu

"Nilifanya leza ya kuondoa nywele saluni, nikaungua. Sasa nina madoa meusi kidevuni. Niendelee au nirudi kwenye wembe?"

Simama kwanza, dada. Wanaosema leza haifai watu weusi kabisa wamepata nusu. Mwanga wake hufuata rangi nyeusi, na ngozi yetu huudaka kabla haujafika kwenye shina la nywele. Lakini leza aina ya Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1064, hupenya zaidi bila kuunguza juu kirahisi. Waulize walikutumia mashine gani. Mimi walinijaribu sehemu ndogo chini ya sikio, tukasubiri wiki mbili. Madoa usiyasugue wala kuyapaka mkorogo; paka krimu ya kukinga jua kila asubuhi, yatafifia taratibu, kwa miezi. Wembe na nta viache kwa sasa. Punguza kwa mashine ya kunyolea, uache kama milimita 1.